Ankara inasema 1,050, wakala anataka 3,800: hiyo tofauti ni ya nini?

MamaBrayo_Kayole (mwenye uzi)

Habari zenu wenzangu. Naomba mnisaidie kufikiria, maana nimelala vibaya siku mbili kwa hili jambo.

Kijana wangu wa kwanza ameitwa kazi kwenye bohari moja barabara ya Mombasa. Mwajiri anataka cheti cha tabia njema kabla ya mwisho wa mwezi. Kijana akaenda mjini, akakutana na wakala mwenye meza ndogo na kompyuta karibu na kituo cha Huduma. Wakala akamwambia 3,800, kila kitu ndani, na cheti kitatoka haraka kwa sababu ana mtu wake. Ametanguliza 2,000. Zile 1,800 atalipa cheti kikifika.

Sasa jirani yangu ananiambia bintiye alilipa 1,050 tu. Mimi sikatai mtu kulipwa jasho lake, nami pia nauza mboga na sitoi bure. Lakini ningependa kujua hiyo 2,750 ya juu ni kazi gani. Nikikataa kulipa ile 1,800 nitakuwa namdhulumu, au yeye ndiye ametudhulumu?

Mzalendo_Buruburu

Mama, jibu ni fupi. Pesa yoyote juu ya ile iliyo kwenye ankara ya serikali ni rushwa. Ankara ikisema 1,050, ukalipa 1,051, hiyo shilingi moja ni hongo. Usimpe hata ndururu. Na huyo wakala aripotiwe. Nchi hii inaharibiwa na watu wa namna hiyo, juzi tu saiba moja hapa kwetu walimtoza mjomba wangu 7,500 ya pasipoti na sote tunajua pasipoti ni 4,550.

SaibaYaDonholm

Mzalendo, nakuelewa hasira yako lakini hapo umechanganya mambo mawili, na moja umekosea kabisa. Bei ya pasipoti ya kurasa 34 ilikuwa 4,500, ukiongeza 50 ya eCitizen ndipo unapata hiyo 4,550 unayoikumbuka. Mwaka 2024 ilipandishwa ikawa 7,500. Kwa hiyo jamaa wa saiba alimtoza mjomba wako bei ya serikali yenyewe, na kama ni kweli alichukua 7,500 kamili basi hakubakiwa na kitu. Mwambie mjomba arudi akamshukuru.

Nasema hivyo kwa sababu nina saiba yangu, mwaka wa kumi na moja sasa, na wateja wengi huja na bei ya zamani kichwani wakaniita mwizi. Bei ya kweli haiko kichwani mwa mtu yeyote, hata mimi. Iko kwenye ankara inayotoka ukishamaliza kujaza ombi, siku hiyohiyo.

Mama Brayo, kabla sijakuambia kama 3,800 ni haki, nijibu mambo matatu. Akaunti ya eCitizen iliyotumika ni ya kijana au ya huyo wakala? Umeona ankara kwa macho, na imeonyesha imelipwa? Na ni nani aliyepeleka alama za vidole?

BodaRoysambu

Mimi niseme upande wa pili. Niko barabarani kuanzia saa kumi na moja asubuhi. Nikiacha pikipiki niende mjini kupanga foleni, siku imekwenda na tajiri wa pikipiki anataka hesabu yake jioni. Mwaka jana nilimlipa kijana wa saiba 400 anijazie kila kitu usiku nikiwa nimepumzika, nikalala vizuri. Sikuhongwa wala sikuhonga. Kuna watu mnaongea kana kwamba muda wa maskini ni wa bure.

Mzalendo_Buruburu

Saiba, hiyo ya pasipoti nakubali, sikujua imepanda. Lakini msimamo wangu kwa wakala ni uleule.

SaibaYaDonholm

Basi tuuangalie huo msimamo. Boda alilipa 400 juu ya ankara. Kijana wa saiba hakuwa mfanyakazi wa serikali, hakuna ofisa aliyepewa kitu, na kazi ilifanyika mbele ya mwenyewe. Hiyo ni sawa na kumlipa mtu akuandikie barua. Sheria ya Hongo ya mwaka 2016 inamshika anayetoa na anayepokea, lakini shabaha yake ni pesa inayotolewa ili mtu afanye jukumu lake isivyofaa, sio ujira wa kupiga chapa. Ukisema kila shilingi ya juu ni hongo, utamficha mwenye hongo halisi katikati ya watu wanaofanya kazi halali.

Dada_Zimmerman

Samahani naingilia, na mimi nina swali kama hilo. Cheti changu cha kuzaliwa jina la baba limeandikwa vibaya, herufi mbili zimegeuka. Wakala ananiambia 6,000 kurekebisha. Nalipa au ni bei ya juu? Na je, naweza kumtuma yeye akanichukulie alama za vidole?

SaibaYaDonholm

Dada, cheti cha kuzaliwa hakihitaji alama za vidole, hapo umeunganisha na cha Mama Brayo. Kwa habari ya kurekebisha jina, usilinganishe na uzi huu, kwa sababu kuna gharama ambayo si ya serikali na si ya wakala pia. Utahitaji hati ya kiapo, na wakili anayeiandika na kuitia muhuri ana bei yake, mnaelewana naye. Muulize wakala akutenganishie: wakili anachukua ngapi, ofisi ya vyeti inachukua ngapi, yeye anachukua ngapi. Halafu nenda kwa wakili mwenyewe uulize bei yake. Akikataa kukutenganishia, umeshapata jibu.

MamaBrayo_Kayole

Nimerudi, nimemkalisha kijana chini nikamuuliza yote.

Akaunti ilifunguliwa na wakala palepale mezani. Kijana hakuwa na akaunti. Anasema wakala aliandika imeili yake yeye, ya wakala, na namba ya simu ya wakala, kwa maelezo kwamba “ujumbe utanifikia mimi nikufuatilie.” Neno la siri kijana halijui.

Ankara anayo, alipewa nakala mbili pamoja na ile fomu ya C24. Imeandikwa 1,050. Chini imeonyesha imelipwa.

Alama za vidole alipeleka mwenyewe. Alipanga foleni kituo cha Huduma cha GPO karibu saa tatu nzima, akapakwa wino, akarudi nyumbani na vidole vyeusi. Wakala alikuwa amebaki mezani kwake.

SaibaYaDonholm

Asante mama, sasa tunaweza kupiga hesabu.

Safari ya cheti hiki iko hivi. Unafungua akaunti kwa namba ya kitambulisho, unajaza ombi kwenye ukurasa wa idara ya upelelezi, ankara inatoka, unalipa, unachapisha ankara na fomu C24, unaenda kuchukuliwa alama za vidole ukiwa na kitambulisho halisi na nakala yake. Baada ya hapo ni kungoja. Alama zinalinganishwa na kumbukumbu zilizopo, na cheti kikiwa tayari kinatokea ndani ya akaunti yako, unakipakua na kukichapisha. Hakuna mtu anayekwenda kukichukua makao makuu ya idara, barabara ya Kiambu, kwa niaba yako.

Sasa tazama ni wapi mkono wa wakala uligusa. Alifungua akaunti na kujaza ombi: kwangu mimi hiyo kazi yote ni 200, na nikiona mteja ana haja ya kueleweshwa kwa upole nachukua muda zaidi kwa bei ileile. Kuchapisha kurasa nne, tano hivi, kwangu ni shilingi 10 kila moja. Nakala ya kitambulisho 5. Mjini kodi ya meza ni ghali kuliko Donholm, kwa hiyo mpe 400 ya kazi badala ya 200. Weka na makato ya M-Pesa. Hata nikiwa mkarimu sipiti 1,550, na hapo serikali imeshachukua 1,050 yake.

Ukimlipa zote 3,800 atabakiwa na karibu 2,250 ambayo haina mkono ulioifanya. Foleni alipanga kijana. Vidole ni vya kijana. Wino ni wa serikali. Hiyo 2,250 ndiyo ile ya “nina mtu wangu.”

Karani_Mstaafu

Niruhusuni niseme kidogo kuhusu huyo “mtu wangu.” Nilikaa kwenye dawati la ofisi moja ya serikali hapa Nairobi miaka mingi, siyo idara hiyo mnayoizungumzia, lakini mawakala ni walewale na lugha ni ileile.

Watu hudhani kwamba wakala wa haraka siku zote anagawana na ofisa. Wapo wanaogawana, siwezi kukana, nimewaona. Lakini wengi zaidi hawana mtu yeyote ndani. Wanauza muda wa kawaida. Chukua wakala aliyepokea watu kumi wiki moja, kila mmoja ametoa 2,000 ya haraka. Vyeti vinatoka kwa mpangilio wake, vingine mapema, vingine vikichelewa. Sita wakipata mapema wanamsifu: “jamaa ana mtu.” Wanamleta na binamu. Wawili wakichelewa kidogo anawaambia mtandao uko chini. Wawili wakikasirika anawarudishia nusu. Hajainua simu kumpigia mtu yeyote. Anayesifiwa ni foleni ya serikali, anayelipwa ni yeye.

Ndiyo maana anapenda uweke salio mpaka cheti kifike. Inaonekana kama uaminifu, kumbe hana analolifanya, anangoja kama wewe unavyongoja.

Na yule ambaye kweli ana mtu ndani ni mbaya zaidi. Kitu pekee ambacho ofisa anaweza kukufanyia ni kulitoa faili lako chini akaliweka juu. Lile lililokuwa juu limeshuka, na mwenyewe yuko Mathare au Kangemi anashangaa mbona lake halisongi, mpaka naye atafute wakala. Hilo sheria inaliita hongo na mimi naliita hivyo pia.

BodaRoysambu

Mzee umenigusa hapo. Mwaka jana changu kilitoka mapema nikamwambia kila mtu stejini kwamba yule kijana ana mkono mzuri. Kumbe labda kilikuwa kinatoka tu.

Karani_Mstaafu

Wewe ulilipa 400 ya kujaziwa na kazi ukaiona. Hujapoteza kitu, kijana wangu. Sifa tu ndiyo ulimpa ya bure.

WanjikuMsomi

Naomba kuuliza ninyi mnaojua. Mtu ambaye hana ujuzi huu wa hesabu atatambuaje papo hapo, akiwa amesimama mbele ya meza na nyuma yake kuna watu watano?

SaibaYaDonholm

Swali moja tu linatosha, na uliulize kwa heshima, bila ugomvi: “Nisipolipa hiyo sehemu ya juu, ni hatua gani haitafanyika?”

Mimi ukiniuliza nitakujibu mara moja. Usipolipa 200, utajaza mwenyewe. Usipolipa 50, utachapisha kwingine. Kila shilingi yangu ina hatua yake, na wewe una uhuru wa kuiondoa hatua hiyo ukaifanya mwenyewe. Wakala wa hewa hana jibu. Atasema “itachelewa,” “itakwama,” “hujui mambo ya ofisi.” Mtu akishindwa kutaja hatua akataja tishio, ufunge mkoba.

Na mpango wa malipo uwe hivi: ankara ilipiwe na simu yako wewe, mbele yake. Namba ya malipo ya serikali ni 222222, na pale pa akaunti unaandika namba iliyo kwenye ankara yako. Kabla hujaweka namba ya siri tazama jina linalotokea, lisiwe jina la mtu. Ukishalipa, ankara yenyewe ndani ya akaunti inabadilika kuonyesha imelipwa. Kisha ujira wake umpe kando. Ukifanya hivyo zile pesa mbili hazikutani kabisa, na yeye mwenyewe atakutajia ujira ulio karibu na haki kwa sababu hana mahali pa kuuficha.

Nimeona mchezo wa ankara ambayo haijalipwa. Wakala anachapisha ankara ikiwa bado mpya, mteja anaona karatasi yenye nembo ya serikali na 1,050, anaamini mambo yameisha. Anafika kituoni anaambiwa haijalipwa. Anarudi kwa wakala, wakala anasema mtandao ulimeza pesa, ongeza nyingine. Karatasi ya ankara si risiti, watu wengi hawalijui hilo.

Mzalendo_Buruburu

Na ile 50 ya eCitizen, hiyo hatua yake ni ipi? Ukiuliza swali lako kwa serikali itajibu nini? Mimi naona hata hiyo haina mkono. Mashine inafanya kazi ileile kwa cheti cha bei ndogo na cha bei kubwa.

SaibaYaDonholm

Hapo sina la kukujibu. Inaonekana wazi kwenye ankara, hilo ndilo naweza kulitetea. Kama ni ya haki au la, swali lako ni zuri.

Karani_Mstaafu

Niongeze jambo moja kwa Wanjiku. Kila ofisi ya serikali inatakiwa kubandika ubao wa mkataba wa huduma mahali watu wanapouona, Kiswahili na Kiingereza. Una safu nne: huduma, mahitaji, gharama na muda. Watu husoma gharama, wachache husoma muda. Hiyo safu ya muda ndiyo silaha. Wakala akikwambia “nitakutolea kwa siku kadhaa,” linganisha na ubao. Mara nyingi anakuuzia siku zilezile zilizoandikwa ukutani. Na kama muda wa ubao umepita bila jibu, hapo una haki ya kuuliza dirishani bila kumpa mtu kitu. Chini ya ubao kuna mahali pa kupeleka malalamiko, pamoja na Tume ya Haki ya Utawala.

Atieno_Kibra

Naomba niseme yangu kuhusu vidole, kwa sababu hapo ndipo mimi niliumia.

Mimi hufua nguo za watu miaka saba sasa. Sabuni imenila alama za vidole. Nilipeleka mara ya kwanza zikakataliwa, hazisomeki. Wakala akaniambia hiyo ni dalili kwamba nina kesi kwenye kumbukumbu, nimpe 5,000 aifute. Nililia usiku huo, jamani, maana sijawahi kuingia kituo cha polisi hata kwa kushuhudia. Nilikuwa nimeshakopa 3,000 kwenye chama. Dada yangu ndiye aliyenizuia. Nilirudi dirishani, mama mmoja pale akanieleza kwa upole kwamba wino haukushika tu, akaniambia nikae siku kadhaa bila kushika sabuni, nipake mafuta ya mgando usiku, nirudi nikiwa nimenawa mikono vizuri na kuikausha. Nilirudia. Ankara ilikuwa ileile, sikulipa tena. Cheti kikatoka.

SaibaYaDonholm

Atieno, pole sana dada. Hilo linawapata wafua nguo, mafundi wa mawe, watu wa simenti, wachuuzi wa samaki. Vidole kukataliwa si kesi. Na kesi ikiwepo kweli, hakuna mwenye meza barabarani anayeweza kuifuta kwa 5,000. Anayekuambia hivyo ama anakudanganya ama anakutafutia cheti cha kughushi, na cheti cha kughushi mwajiri akikihakiki utakuwa na kesi ambayo hukuwa nayo.

Mzalendo_Buruburu

Dada Atieno, nimesoma nikasikia uchungu. Huyo ndiye nilikuwa namlenga mimi, si kijana wa Boda.

WanjikuMsomi

Turudi kwa Mama Brayo. Mimi linaloniogopesha zaidi kuliko 2,250 ni imeili ya wakala ndani ya akaunti ya kijana. Nilipata shida hiyohiyo kwa PIN ya KRA. Kufungua PIN ni bure kabisa, nilijua hivyo, nikalipa saiba 200 ya kazi na nikaona ni haki. Lakini waliweka imeili yao. Miaka miwili baadaye nataka kupeleka ritani kabla ya 30 Juni, nenosiri nimesahau, na ujumbe wa kulibadilisha unakwenda kwa mtu ambaye saiba yake ilishafungwa. Ukichelewa adhabu inaanzia 2,000. Ile 200 ilinigharimu siku mbili za kuhangaika na adhabu juu yake.

SaibaYaDonholm

Wanjiku amesema jambo ambalo mimi nilipaswa kulitanguliza. Mama, cheti kinatokea ndani ya akaunti. Mwenye imeili na simu ndiye anayekiona kwanza. Kwa hiyo ile 1,800 si salio la kazi, ni fidia ya kufunguliwa mlango wa nyumba yako mwenyewe. Na ataushika mlango huo tena mwaka kesho mwajiri mwingine akitaka cheti kipya, au kijana akienda kuomba pasipoti.

Kesho mchukue kijana muende pamoja. Usianze na pesa. Mwambie: “Tunaomba ufungue akaunti hapa mbele yetu, tuweke imeili na simu ya mwenyewe.” Namba ya uthibitisho inaweza kuja kwenye simu yake au ya kijana, kwa hiyo ni vizuri nyote muwepo. Kijana abadilishe neno la siri papo hapo, na asilitamke. Kisha ndipo mzungumze hesabu. Akikataa, nendeni kituo cha Huduma na kitambulisho cha kijana mwombe msaada wa akaunti. Ni namba ya kitambulisho chake, si cha wakala.

BodaRoysambu

Mama, nenda na mwanamume mmoja mtulivu. Si kwa vita, ila watu wa meza wakiona mama peke yake hupandisha sauti.

MamaBrayo_Kayole

Nimerudi wenzangu. Imekuwa siku ndefu.

Nilienda na kijana na shemeji yangu. Wakala alitupokea vizuri, akadhani tumeleta 1,800. Nilipoomba akaunti ibadilishwe akasema italeta shida kwenye ombi, litaanza upya. Nikamuuliza lile swali la Saiba, kwa upole kabisa: nisipolipa 1,800 ni hatua gani haitafanyika? Alinyamaza. Akasema “mama, mambo ya ofisi huyaelewi.” Nikamwambia nieleze basi, nina nafasi mpaka jioni. Watu waliokuwa nyuma yetu wakaanza kusikiliza, na mmoja wao akauliza pesa yake yeye ni ya nini.

Hapo akafungua akaunti. Tukaweka imeili ya kijana, simu ya kijana, kijana akaandika neno la siri lake. Ombi liko palepale, halikuanza upya. Limeandikwa bado linashughulikiwa. Ankara ndani imeonyesha imelipwa 1,050.

Tuliandikiana kwenye karatasi kwamba hatudaiani. Zile 2,000 tulizotanguliza amebaki nazo. Kwa hiyo ukitoa 1,050 na karatasi amepata karibu 850 ya kazi. Sikuwa na nguvu ya kugombania zaidi, na kwa kweli alimsaidia kijana kujaza siku ambayo hakujua pa kuanzia.

Mzalendo_Buruburu

Mama umefanya vizuri lakini 850 bado ni nyingi. Saiba amesema 400 ndiyo ya juu. Ungedai 450 yako.

BodaRoysambu

Mimi ningeacha. 450 ni nauli ya kurudi mjini mara mbili na siku ya biashara ya mboga. Hesabu ya mama iko sawa.

SaibaYaDonholm

Mimi nimegawanyika. Kama angetaja 850 tangu mwanzo na kijana akakubali akijua serikali inachukua 1,050, ningesema ni bei ya juu lakini ya makubaliano. Tatizo langu ni kwamba alipata 850 kwa kutaja mtu asiyekuwepo. Kiasi hichohicho, lakini njia ni tofauti.

Karani_Mstaafu

Kwangu mimi njia ndiyo bei. Lakini mama ndiye aliyesimama pale, sisi tumekaa.

Dada_Zimmerman

Nimemuuliza yule wakala wangu anitenganishie zile 6,000. Amesema wakili 1,500, ofisi atanionyesha ankara, halafu akanyamaza kwenye hiyo iliyobaki. Kesho naenda kwa wakili mwenyewe kwanza. Saiba, nikifika kwa wakili niende na cheti halisi au nakala inatosha?

SaibaYaDonholm

Nenda na vyote viwili, pamoja na kitambulisho chako na chochote chenye jina la baba lililoandikwa sawasawa. Nakala usitoe mjini, toa mtaani kwenu, ni shilingi tano.